Singe ya kizibo, singe ya soketi, na sekunde 15 za Killiecrankie

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba singe za kwanza zilichomekwa ndani ya mdomo wa bunduki, halafu baadaye zikaja za kuvishwa kwa nje, na kwamba mabadiliko hayo ndiyo yaliyoiondoa mikuki katika majeshi ya Ulaya. Inakuwaje jambo dogo namna hiyo libadilishe vita? Na kama singe ilikuwa na nguvu kiasi hicho, mbona nasoma pia kwamba waliouawa kwa singe walikuwa wachache?

Marahaba. Yote yanatokana na muda, tena muda mfupi sana. Singe ya kizibo, ile ya kuchomekwa ndani ya mdomo, ilimlazimisha askari achague: bunduki yake ama ipige risasi, ama iwe mkuki. Haikuweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na kubadili kutoka hali moja kwenda nyingine kulichukua sekunde kadhaa. Singe ya soketi, ile ya kuvishwa kwa nje, iliufuta uchaguzi huo. Ili uone uzito wake, lazima kwanza tuone askari wa miguu wa miaka ya 1600 alikuwa na shida gani.

Silaha yake ilikuwa gobori la mtutu laini, la kujazwa kwa mdomo. Anamimina baruti mtutuni, anatia risasi, anashindilia kwa mdeki, anatia baruti kidogo kwenye kisahani cha pembeni, ndipo anaelekeza na kufyatua. Bunduki ya mrau, iliyowashwa kwa kamba inayofuka moto, ilichukua karibu nusu dakika kujazwa upya. Ya gumegume, iliyokuwa ikiichukua nafasi yake mwishoni mwa karne hiyo, ilikuwa na kasi zaidi, lakini hata askari aliyefunzwa vizuri hakuzidi sana risasi 3 kwa dakika. Kati ya risasi moja na nyingine, mtu huyo ameshika gongo tu. Farasi anayekimbia hufika mbele yake kabla hajamaliza kushindilia.

Kinga yake ilikuwa wenzake wenye mikuki. Mkuki wa askari wa miguu wa Ulaya ulifika urefu wa karibu mita 5, na kundi la watu walioielekeza mikuki hiyo mbele lilikuwa ukuta ambao farasi hawakuingia. Katikati ya karne ya 17 utaratibu wa kawaida ulikuwa mtu mmoja wa mkuki kwa kila wawili wa bunduki: wenye mikuki wakisimama katikati, wenye bunduki pembeni yao, tayari kukimbilia chini ya mikuki hiyo farasi wakija. Utaratibu huo ulifanya kazi, lakini ulikuwa na gharama. Katika kikosi cha watu 600, watu 200 hawakupiga risasi hata moja siku nzima. Walisimama wakipigwa na mizinga na risasi za adui, wakingoja farasi ambao pengine wasingekuja. Makamanda waliliona hilo, ndiyo maana mwaka hadi mwaka walipunguza mikuki na kuongeza bunduki. Hawakuthubutu tu kuiondoa yote, kwa sababu hawakuwa na kitu cha kuweka mahali pake.

Hapo ndipo singe ilipoingia. Jina lake la Kifaransa linahusishwa na mji wa Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na katika jeshi la Ufaransa ilitumika tayari miaka ya 1640. Mwaka 1671 Wafaransa waliunda rejimenti maalumu ya bunduki za gumegume iliyopewa singe kwa watu wake, na mwaka uliofuata Mfalme Charles II wa Uingereza aliagiza kikosi chake cha wapanda farasi wapiganao kwa miguu nacho kipewe. Ilikuwa kisu kirefu chenye mpini wa mti wa mviringo, mwembamba kwenye ncha na mnene kuelekea kwenye bapa. Risasi zikiisha au adui akikaribia, askari alichomoa kisu kutoka kwenye ala yake kiunoni, akausukuma mpini ndani ya mdomo wa bunduki na kuukaza. Bunduki yake sasa ilikuwa mkuki mfupi.

Usiidharau silaha hii, kwa sababu ilikuwa na faida moja kubwa ambayo wengi wanaoieleza huisahau. Mpini ule uliochongwa kwa kupungua unene uliingia katika mdomo wa bunduki yoyote. Bunduki za wakati huo hazikuwa za kipimo kimoja. Mara nyingi kanali ndiye aliyenunulia rejimenti yake silaha, kutoka kwa mafundi mbalimbali, na mitutu ilipishana unene ndani na nje. Kwa mpini wa mti hilo halikuwa tatizo: kama mdomo ni mpana, mpini unazama zaidi kidogo, kama ni mwembamba, unazama kidogo tu. Nitairudia hoja hii hapo chini, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini singe hiyo ilidumu miongo kadhaa wakati kila mtu alikuwa anauona ubovu wake.

Ubovu wenyewe ulikuwa wa wazi. Kizibo kikiwa mdomoni, bunduki haipigi wala haijazwi. Kikikazwa mno, hakitoki. Kikilegea, kinadondoka, au kinabaki katika mwili wa adui na bunduki inarudi mikononi ikiwa tupu. Na askari aliyesahau, katika kelele na moshi, kwamba bunduki yake imejazwa na imezibwa, alikuwa amejitengenezea hatari, kwa sababu baruti ikiwaka ndani ya mtutu ulioziba inaweza kuupasua. Lakini kasoro iliyoua watu wengi zaidi ni ile ya muda, na mahali pa kuiona kwa macho ni bonde la Killiecrankie, Uskoti, tarehe 27 Julai 1689.

Miezi kadhaa kabla, Mfalme James II wa Uingereza na Uskoti alikuwa ameondolewa kwenye kiti cha enzi na William wa Orange akakalia. Katika Nyanda za Juu za Uskoti, koo kadhaa zilishika silaha kumtetea James, zikiongozwa na John Graham, Vaikaunti wa Dundee. Serikali mpya ilimtuma Meja Jenerali Hugh Mackay, ambaye mwenyewe alizaliwa katika Nyanda hizo za Juu na alikuwa amepigana miaka mingi katika utumishi wa Uholanzi. Alikuwa na watu kati ya 3,500 na 4,000, wengi wao waliosajiliwa karibuni. Dundee alikuwa na kama 2,400.

Mackay alipita katika korongo jembamba la Killiecrankie na alipotoka upande wa pili akamkuta Dundee tayari yuko juu ya mlima, kuliani kwake. Aliugeuza msafara wake ukitazame kilima na akaupanga mstari mrefu. Kwa kuogopa kuzungukwa ubavuni aliunyoosha sana: safu 3 tu kwenda nyuma, tena mapengo kati ya kikosi na kikosi. Kwa mstari wa kupiga risasi huo ni mpangilio mzuri, kwa kuwa kila mtu anaweza kufyatua. Kwa kuzuia watu wanaokuja wakikimbia na panga, ni ukuta mwembamba mno.

Dundee hakuwa na haraka. Jua la jioni lilikuwa likiwapiga watu wake machoni, akawaweka pale saa kadhaa hadi likaribie kuzama. Ndipo akatoa amri. Wapiganaji wa koo waliteremka kwa namna waliyoizoea: kwenda mbele kwa pamoja, kustahimili risasi za adui, wakifika karibu kabisa kupiga risasi zao mara moja, kuzitupa bunduki chini, kuchomoa panga na kukimbia kujichomeka katika mstari huku mkono wa kushoto ukiwa na ngao ndogo ya duara.

Sasa tujiweke mahali pa askari wa Mackay, na tupige hesabu. Gobori la mtutu laini lilikuwa na maana dhidi ya kundi la watu kuanzia umbali wa mita 80 hivi. Mtu anayekimbia akiteremka mlima huenda mita 5 kwa sekunde bila taabu. Kwa hiyo mita hizo 80 ni sekunde 15 au 16. Askari akifyatua mapema, kwenye mita 80, risasi nyingi zinakosa, naye hana muda wa kujaza tena. Anaweza kuchomeka singe kwa utulivu, lakini maadui wanamfikia wakiwa wazima karibu wote. Akijizuia hadi mita 30, mahali ambapo risasi zinaangusha watu kweli, basi zimebaki sekunde 6. Katika sekunde hizo 6 aishushe bunduki kutoka begani, ausimamishe mtutu, avute singe kiunoni, autafute mdomo wa bunduki katika moshi wa baruti aliyoipiga mwenyewe sasa hivi, asukume, akaze, kisha aielekeze mbele. Kwenye uwanja wa gwaride, kwa amri moja baada ya nyingine, inawezekana. Ukiwaona watu wenye panga wako hatua 20 kutoka kwako, mikono haifanyi kazi hiyo.

Kwa hiyo kamanda alikuwa na njia mbili, na zote mbaya. Moto wa mbali ni salama lakini haumsimamishi adui. Moto wa karibu unamuumiza adui lakini unakuacha bila silaha anapokufikia. Dundee alikuwa amewaweka wanajeshi wa Mackay katika pengo hilo hilo, na ndani ya dakika chache sehemu kubwa ya mstari ilivunjika na kukimbilia korongoni na mtoni. Waliosimama imara ni wachache wa upande wa kulia. Mackay alipoteza karibu nusu ya jeshi lake kwa waliouawa na waliotekwa. Ushindi nao ulikuwa ghali: risasi zile za karibu ziliwaangusha mamia ya wapiganaji wa koo, na Dundee mwenyewe alipigwa risasi akafa, jambo ambalo baadaye liliudhoofisha uasi wote.

Mackay aliokoka, na hakutafuta visingizio. Katika kumbukumbu zake aliandika kwamba wapiganaji hao wa koo huja kwa kasi kiasi kwamba kikosi kikijizuia kupiga hadi wawe karibu, wao huwa wameshafika juu yake kabla askari hawajawahi kinga yao ya pili, yaani singe mdomoni mwa bunduki. Dawa aliyoibuni ilikuwa kuifunga singe kwa nje ya mtutu kwa pete, ili askari apige risasi singe ikiwa tayari imekaa mahali pake. Pete si soketi kamili, lakini wazo ni lile lile, na limetoka kwa mtu aliyelipia somo lake uwanjani.

Hakuwa peke yake. Ufaransa, mhandisi mkuu wa ngome, Vauban, alimwandikia waziri wa vita Louvois mwaka 1687, miaka miwili kabla ya Killiecrankie, akipendekeza singe itakayomwezesha askari kupiga na kujaza ikiwa imefungwa. Alikuwa na hakika kwamba ingeweza kuiondoa mikuki kabisa. Kwa nini basi haikukubaliwa siku ile ile?

Kwa sababu ya jambo nililokuahidi kulirudia. Katika miaka hiyo ya vita singe za soketi zilijaribiwa mbele ya Mfalme Louis XIV mwenyewe, na jaribio likaaibika. Singe zilitengenezwa bila kupimwa kwenye mitutu ambayo zingevaa, na mitutu ya rejimenti ile ilipishana unene. Nyingine zilicheza zikadondoka chini mbele ya mfalme, na nyingine hazikukaa sawasawa, hivyo risasi ilipotoka iliivunja ncha. Mfalme alizikataa. Aliyeyashuhudia mambo hayo, afisa wa Kifaransa Puységur, aliandika kwa masikitiko kwamba muda mfupi baadaye maadui wa Ufaransa walizichukua, na Wafaransa wakalazimika kuzirudia.

Naliona jaribio hilo kuwa la maana kuliko mapigano mengi, kwa sababu linaonyesha kwamba singe ya soketi haikuhitaji akili ya mbuni peke yake. Ilihitaji bunduki zenye mitutu inayofanana. Mpini wa mti husamehe tofauti ya unene. Bomba la chuma halisamehi. Lazima kipenyo cha nje cha mtutu kijulikane, na bomba lifuliwe kwa kipimo hicho. Ndiyo maana singe hiyo ilienea pamoja na serikali kuchukua ununuzi wa silaha mikononi mwake na kuweka vielelezo. Ufaransa ilitoa kielelezo chake cha kwanza cha bunduki ya askari wa miguu mwaka 1717, na Uingereza ikafuata katika miaka ya 1720. Hata baada ya hapo mafundi waliendelea kuioanisha kila singe na bunduki yake mmoja mmoja, na mara nyingi singe na bunduki zilichongwa namba ili zisibadilishane wenyewe. Chukua singe ya jirani yako na huenda isikukae.

Umbo lililoshinda hatimaye ni rahisi kulieleza. Kuna bomba fupi la chuma, urefu wa sentimita 10 hivi, linalovishwa kwenye mdomo wa mtutu. Bomba lina mkato unaokwenda moja kwa moja, kisha unakata kona, kisha unaendelea tena. Kwenye mtutu kuna kijino cha chuma. Unalivisha bomba, kijino kinapita mkatoni, unalizungusha kidogo, kijino kinaingia kwenye kona, na singe haiwezi tena kuvutwa moja kwa moja mbele. Kutoka kwenye bomba linatokea kiwiko, yaani kipande kilichopindwa kinacholitoa bapa nje, mbali na mstari wa mtutu. Kiwiko hicho ndicho moyo wa jambo. Bila hicho, risasi ingegonga chuma na mkono unaoshindilia mdeki ungekutana na ncha. Nacho, mdomo wa bunduki uko wazi, na askari anajaza na kupiga bapa likiwa pembeni.

Bapa nalo lilibadilika. Kisu cha zamani kilikuwa bapa la kukatia, lenye manufaa mengine mengi kambini. Bapa jipya lilikuwa la pembe tatu, lenye mifereji, refu kama sentimita 43 katika bunduki ya Waingereza, bila makali ya maana. Utasikia watu wakisema kwamba pembe tatu ilichaguliwa ili jeraha lisiweze kupona. Sababu ya kweli ni ya kifundi. Chuma chenye umbo hilo ni kigumu kupinda hata kikiwa chembamba, na uzito mbele ya bunduki lazima uwe mdogo, la sivyo mdomo unainama na risasi zinakwenda chini. Tena bapa lisilo na makali halimkati askari anayepitisha mkono karibu nalo mara 3 kwa dakika.

Haikuwa silaha kamilifu. Kujaza ukiwa na singe ni kwa taratibu zaidi, na kwa sababu mbele pamekuwa pazito, kulenga ni kazi zaidi. Bomba lililochakaa lilicheza, na adui mwenye nguvu aliweza kulizungusha na kulivuta. Kwa miongo mingi mafundi waliongeza pete za kufungia na vishikizo vya springi ili kuzuia hilo. Lakini ukiilinganisha kasoro ndogo hizo na sekunde 6 za askari wa Mackay, utaona kwa nini hakuna jeshi lililoamua kurudi kwenye kizibo.

Mikuki iliondoka haraka. Ufaransa iliifuta rasmi mwaka 1703, na Waingereza waliiacha katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya Vita vya Urithi wa Hispania. Wasweden na Warusi waliendelea nayo muda zaidi, kwa sababu maalumu: Wasweden walipenda kushambulia kwa kasi na chuma, na Warusi walikuwa na nchi tambarare na farasi wengi wa kuhofia.

Rudi sasa kwa kile kikosi cha watu 600. Jana kilikuwa na bunduki 400 na mikuki 200. Leo kina bunduki 600 na singe 600. Nguvu yake ya moto imeongezeka kwa nusu bila kuajiri mtu hata mmoja, na hapohapo kila mtu ana mkuki wake. Bunduki na singe kwa pamoja zilifika karibu mita 2, ambazo hazifikii hata nusu ya mkuki wa zamani, lakini zilitosha. Farasi hapendi kujichoma kwenye ncha za chuma hata zikiwa fupi, na mpanda farasi sasa alikuwa akipigwa risasi na watu wale wale wanaomzuia.

Mpangilio nao ulinyooka. Zamani kikosi kilihitaji kina kirefu: safu 6 au zaidi, ili waliopiga warudi nyuma kujaza huku wengine wakichukua nafasi, na ili mikuki iwe na uzito nyuma yake. Bunduki ya gumegume iliwaruhusu watu kusimama bega kwa bega, kwa kuwa hakuna tena kamba inayowaka karibu na baruti ya jirani. Singe iliwaruhusu kusimama kwa wembamba, kwa kuwa hawahitaji tena wenzao wa mikuki. Vitu hivyo viwili viliingia pamoja, na mstari ukashuka hadi safu 4, kisha 3, baadaye hata 2 kwa Waingereza. Mstari uliokuwa hatari kwa Mackay mwaka 1689 ukawa mpangilio wa kawaida wa Ulaya nzima kwa zaidi ya miaka 100.

Kubwa zaidi kwa maoni yangu ni kwamba kamanda aliweza sasa kujizuia. Risasi ya kwanza, iliyojazwa kwa utulivu kabla ya mapigano, ndiyo bora kuliko zote. Zamani kuishikilia hadi mita 30 kulikuwa kamari. Kwa singe iliyokwisha kufungwa, kikosi kinaweza kungoja adui afike hapo, kipige, na kabla moshi haujaondoka kiwe kimeshusha ncha mbele. Au kipige na kiende mbele kwa singe, kwa sababu adui aliyepigwa kwa karibu namna hiyo mara nyingi tayari anageuka. Na farasi wakitokea, kikosi kinajikunja kuwa mraba wenye ncha pande zote, safu ya mbele ikipiga goti na za nyuma zikiendelea kupiga na kujaza. Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, wapanda farasi wa Marshal Ney waliishambulia miraba ya Wellington mara nyingi alasiri ile na hawakuuvunja hata mmoja.

Chombo hakikutosha peke yake, na Uskoti ile ile inalithibitisha. Tarehe 21 Septemba 1745 huko Prestonpans, jeshi la serikali la Jenerali Cope lilikuwa na singe za soketi, zile ambazo Mackay angezitamani. Wapiganaji wa koo walilishambulia alfajiri, na likavunjika kwa dakika chache. Askari wale hawakuwa na uzoefu, walitishika, na singe haikumsaidia mtu aliyekwisha kugeuza mgongo. Miezi 7 baadaye, tarehe 16 Aprili 1746 huko Culloden, jeshi la Duke wa Cumberland lilikuwa limefunzwa kwa makusudi kukabili panga na ngao: kila mtu asimchome adui aliye mbele yake, ambaye ngao inamkinga, bali yule wa kulia kwake, anayeacha ubavu wazi anapoinua upanga. Mizinga na risasi ndizo zilizowaua wengi siku ile. Lakini upande wa kushoto, rejimenti ya Barrell ilifikiwa na panga, ikapata hasara kubwa kuliko rejimenti nyingine yoyote ya serikali, na bado watu wake walipigana kwa singe hadi vikosi vya safu ya pili vilipokuja kulizunguka kundi lililoingia. Mwaka 1689 mstari uliofikiwa ulikuwa umekwisha. Mwaka 1746 ulikuwa na kitu cha kushika mkononi wakati ukingoja msaada.

Sasa majeraha. Dominique Larrey, daktari mpasuaji mkuu wa jeshi la Napoleon, aliwahi kuhesabu majeruhi wa pambano moja la karibu: akakuta majeraha 119 ya risasi na 5 ya singe. Hesabu hiyo inawashangaza watu, lakini inalingana na yote niliyokueleza. Mistari miwili ya watu wenye singe haikukutana mara nyingi. Wanaokuja wakiona wanaongojea hawatetemeki, walisimama wakaanza kupiga risasi. Wanaongojea wakiona wanaokuja hawasimami, waligeuka wakakimbia. Mapambano ya chuma kwa chuma yalitokea zaidi vijijini, kwenye kuta na ndani ya ngome, mahali ambapo watu hawakuwa na njia ya kukwepana. Kwa hiyo ukikuta taarifa ya kamanda inayosema kijiji au kilima kilitwaliwa kwa singe, elewa kwamba kikosi kilisonga mbele singe zikiwa zimefungwa na adui akaondoka. Wangapi walichomwa ni swali jingine, na jibu lake ni wachache.

Kuna mfalme aliyeisoma hali hiyo vibaya. Frederick wa Prussia aliona kwamba adui hukimbia kabla ya kuguswa, akakata shauri kwamba moto ni kupoteza muda: kikosi kiende mbele bila kupiga, bunduki mabegani, na kuonekana kwake tu kutatosha. Tarehe 6 Mei 1757 nje ya Prague, askari wake wa miguu walijaribu hivyo dhidi ya Waaustria waliokuwa na mizinga na waliosimama imara. Mashambulizi ya kwanza yalikatwa vipande, na Fildi Marshali Schwerin aliuawa akiwa ameshika bendera akijaribu kuwarudisha watu mbele. Walishinda siku hiyo kwa kupenya pengo katika mstari wa Waaustria, lakini kwa hasara ya maelfu ya askari bora ambao Prussia haikuweza kuwafidia. Baada ya hapo Frederick aliwaamuru watu wake waanze tena kupiga risasi wanaposonga mbele, na akaongeza mizinga.